Dakika 15 za Kuhuisha Dashibodi

Mhasibu wa kampuni ya jumla yenye maduka 40 anafungua dashibodi saa mbili asubuhi. Grafu zote zipo, lakini mauzo yanaishia juzi. Programu iliyopaswa kuleta takwimu za jana ilianza kazi usiku, ikakatwa katikati, na hakuna aliyejua. Kampuni hii ni ya mfano, ila hitilafu yake ni ya kawaida sana.

Programu hiyo haina seva yake. Inaendeshwa na AWS Lambda, huduma ambayo Amazon waliitangaza mwaka 2014. Unawakabidhi programu, nao huiwashia mashine saa yake ikifika na kuizima ikimaliza. Unalipia muda iliotumia na ukubwa wa kumbukumbu uliyoiombea. Masharti ni mawili. Hakuna safari moja ya kazi inayoruhusiwa kuzidi dakika 15, na usipobadilisha mpangilio utapewa sekunde 3 tu. Kumbukumbu, yaani nafasi ya kushikia data wakati wa kuhesabu, unaichagua kati ya megabaiti 128 na 10,240.

Kabla ya kurekebisha chochote, soma kumbukumbu za matukio ujue ni sharti lipi lililovunjwa. Muda ukiisha utakuta maneno haya:

```
Task timed out after 900.00 seconds
```

Nafasi ikijaa, utaona `signal: killed`, na kipimo cha `Max Memory Used` kitakuwa kimelingana na `Memory Size`.

Kwa kampuni yetu, nafasi ndiyo iliyojaa. Kila duka huuza mara 5,000 hivi kwa siku, kwa hiyo maduka yote yanatoa mistari 200,000. Dashibodi inaonyesha siku 90, na mwandishi wa programu aliamua kusoma siku zote 90 kila usiku: mistari milioni 18. Kila mstari ukichukua baiti 200, zinahitajika gigabaiti 3.6, ilhali programu ilipewa megabaiti 512.

Wengi hukimbilia kuongeza kumbukumbu, na si kosa kila mara. Lambda hugawa nguvu ya prosesa kulingana na kumbukumbu, hivyo programu inayohesabu sana ikipewa nafasi maradufu inaweza kumaliza kwa nusu ya muda, na gharama isipande. Lakini kama muda mwingi unapotea kwa kusubiri hifadhidata ijibu, kasi haitabadilika, ila bili itapanda. Isitoshe, biashara ikikua, mistari itazidi tena.

Dawa ni kupunguza mzigo wenyewe. Mauzo ya wiki iliyopita yalikwisha kuhesabiwa. Hayana haja ya kusomwa upya. Weka jedwali dogo lenye jumla ya kila duka kwa kila siku, pamoja na alama ya siku ya mwisho iliyokamilika. Usiku programu inaisoma alama na kuchukua siku zilizofuata tu. Mistari 200,000 ya jana ni megabaiti 40, inaenea bila shida.

Shida hurudi mtandao ukikatika kwa wiki nzima, kisha siku 7 zikasubiri pamoja. Hapo programu ifanye siku moja moja huku ikitazama saa:

```python
for siku in siku_zilizobaki():
    if context.get_remaining_time_in_millis() < 60000:
        break
    andika_upya(siku)
    weka_alama(siku)
```

Ikibaki chini ya dakika moja, inaacha yenyewe, na safari ijayo inaendelea pale alama ilipo. Dakika hiyo inatosha iwapo siku moja huchukua, tuseme, sekunde 20. Ikichukua zaidi, acha nafasi kubwa zaidi. Usingoje kukatwa, kwa sababu muda ukiisha programu haipewi hata nafasi ya kuaga.

Neno `andika_upya` nimelichagua kwa makusudi. Lambda ikiitwa na ratiba, kazi iliyoshindwa hurudiwa yenyewe, kwa kawaida mara 2 zaidi. Kama programu inaongeza mauzo juu ya jumla iliyopo, kisha ikakatwa kabla ya kuweka alama, marudio yataongeza mauzo yaleyale tena. Duka lililouza milioni 3 litaonekana limeuza milioni 6, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaokuonya. Kwa hiyo jumla ya siku ifutwe na iandikwe mpya ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata. Hata ikirudiwa mara 10, jibu litakuwa lilelile.

Mwisho, onyesha ile alama juu ya dashibodi: “Takwimu zimekamilika hadi tarehe fulani.” Itoke kwenye alama yenyewe, si kwenye saa ambayo programu iliwashwa, kwani kuwashwa si kumaliza. Mhasibu akiona tarehe ya juzi, atajua mauzo ya jana bado hayajaingia, wala hatadhani maduka hayakuuza.