MANUKUU YA VIDEO: Jinsi mashine inavyoyaunda, na kwa nini silabi moja yaweza kupotosha ujumbe

VIDEO nyingi zinazopakiwa mtandanoni siku hizi huambatana na maandishi yanayopita chini ya picha, yakifuata maneno ya msemaji. Maandishi hayo, yaitwayo manukuu, mara nyingi hayakuandikwa na mtu yeyote. Yameundwa na mashine iliyosikiliza sauti na kuigeuza kuwa maneno.

Mtandao wa YouTube ulianza kutoa huduma hii mnamo Novemba 2009, na mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa watumiaji kwa jumla. Wakati huo ilishughulikia Kiingereza pekee. Tangu hapo lugha zimeongezeka na makosa yamepungua. Hata hivyo, anayetoa mafunzo kwa Kiswahili hana budi kuelewa mashine hiyo hufanya kazi vipi kabla ya kuiachia ujumbe wake.

Kwanza, mashine hutenganisha sauti na picha. Kisha huikata sauti hiyo katika vipande vidogo mno, kwa kawaida vya sehemu 25 kati ya 1,000 za sekunde, vinavyopishana. Kila kipande hupimwa ili kujua nguvu ya mitetemo ya sauti, ya juu na ya chini. Vipimo hivyo vikipangwa kwa mfuatano, huwa kama picha ya usemi.

Hatua ya pili ni kukisia. Mashine imefunzwa kwa rekodi nyingi ambazo maandishi yake yalikuwa tayari yanajulikana. Kwa hivyo hulinganisha picha ile na ilivyojifunza, na kupima ni herufi au maneno gani yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ndiyo yaliyotamkwa. Mahali ambapo sauti haikusikika vyema, huchagua neno ambalo kwa kawaida hufuata yale yaliyotangulia. Mwishowe, huweka saa ya kuanza na ya kukoma kwa kila kifungu.

Hapa ndipo Kiswahili hupata taabu. Mfumo wa Whisper, uliotolewa na kampuni ya OpenAI Septemba 2022, ulifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, zaidi ya saa 400,000 zilikuwa za Kiingereza. Rekodi za Kiswahili zilizokuwa na maandishi yake hazikufika hata saa 6. Mashine iliyosikia lugha kwa uchache hivyo hulazimika kukisia mara nyingi zaidi.

Isitoshe, muundo wa lugha yetu huongeza hatari. Katika Kiswahili, ukanushi mara nyingi hubebwa na silabi moja fupi iliyo ndani ya kitenzi. Silabi hiyo ikimezwa na upepo au mngurumo wa pikipiki, neno linalobaki huwa bado ni sahihi kisarufi, lakini maana yake imepinduka.

Tuchukue mfano wa afisa wa kilimo anayerekodi video ya dakika nne shambani huko Trans Nzoia kuhusu viwavijeshi, wadudu walioripotiwa nchini Kenya mwaka wa 2017. Anasema: "Usinyunyizie dawa saa sita mchana, subiri saa kumi na mbili jioni." Sababu yake ni kwamba viwavi hao hujificha ndani ya moyo wa mhindi jua linapokuwa kali, na hutoka kula majani jua likipoa.

Mashine ikikosa kusikia silabi "si", itaandika: "Unyunyizie dawa saa sita mchana." Katazo limegeuka kuwa agizo. Mkulima asiyesikia, akifuata maandishi hayo, atapoteza dawa na fedha zake, na viwavi watasalia salama.

Kosa la aina hii ni baya kuliko maneno yasiyoeleweka. Mtu akisoma upuuzi hutambua mara moja kuwa mashine imekosea. Sentensi iliyonyooka haimshtui mtu.

Ili kusahihisha manukuu kwenye YouTube, fungua studio.youtube.com kwa tarakilishi. Hakikisha kwanza kuwa lugha ya video imeandikwa sawasawa katika sehemu ya "Video language", kwani mashine ikidhani unazungumza lugha nyingine, itaandika maneno ya lugha hiyo. Halafu nenda kwenye "Subtitles", chagua video yako, na uchukue nakala ya manukuu ya mashine kwa kubonyeza "Duplicate and edit". Ukimaliza kurekebisha, bonyeza "Publish".

Ikiwa mashine haikuunda manukuu yoyote, unaweza kuyaandika mwenyewe katika faili ya SRT na kuipakia. Faili hiyo ni maandishi ya kawaida tu. Kila kifungu kina nambari, muda wa kuanza na kukoma, kisha maneno yenyewe:

```
14
00:01:12,400 --> 00:01:17,200
Usinyunyizie dawa saa sita mchana;
subiri saa kumi na mbili jioni.
```

Kifungu hiki kinaanza katika dakika ya 1 na sekunde 12.4, na kukaa kwenye skrini kwa takribani sekunde 5. Mistari isizidi miwili, na kila mmoja usipite herufi 42 hivi, ili msomaji apate nafasi ya kutazama picha pia.

Pitia video mara mbili. Mara ya kwanza sikiliza huku ukisoma, na usimame kwenye kila kitenzi cha kukanusha, kila tarakimu, kila jina la mtu au mahali, na kila neno la Kiingereza lililochanganywa. Mara ya pili zima sauti kabisa. Ukipotea njiani bila sauti, jua kwamba kiziwi naye atapotea. Aidha, taja anayesema ikiwa haonekani, na sauti zenye maana, mathalani [mbwa abweka].

Tafsiri nayo yahitaji jicho la pekee. YouTube huweza kutafsiri manukuu kiotomatiki, lakini hutafsiri maandishi, si sauti. Kosa lililo katika Kiswahili huhamia katika kila lugha. Hata manukuu yakiwa sahihi, "saa sita mchana" yaweza kutafsiriwa kama saa 6 ya Kizungu badala ya 12. Anayelenga wasomaji wa Kiingereza heri apakie manukuu yake mwenyewe ya lugha hiyo.

Je, kazi hii yote ina faida gani? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma. Hapa Kenya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo ilirithiwa na sheria mpya mwaka 2025, ilivitaka vituo vya runinga kuweka mkalimani wa lugha ya ishara au manukuu katika taarifa za habari. Manukuu hayachukui nafasi ya mkalimani, kwani kwa viziwi wengi Lugha ya Ishara ya Kenya ndiyo lugha yao ya kwanza. Lakini huwafaa sana waliopoteza kusikia ukubwani, ambao husoma vizuri na hawajui ishara.

Fauka ya hao, yupo abiria anayetazama simu ndani ya matatu yenye kelele, na yupo mkulima ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, ambaye neno "viwavijeshi" humwingia upesi akiliona limeandikwa. Vilevile, manukuu huipa mitambo ya kutafuta maneno ya kushika, kwa kuwa yale yaliyosemwa ndani ya video sasa yapo kwa maandishi. Anayetafuta "viwavijeshi" ana nafasi bora ya kuipata video ya afisa wetu, mradi neno hilo limeandikwa kama linavyoandikwa.

Kwa video ya dakika nne, marekebisho haya huenda yakachukua nusu saa. Mwenye muda mchache zaidi aanze na vitenzi vya kukanusha na tarakimu, maana hapo ndipo kosa dogo humfikia mtazamaji kama ushauri.