Kumrudia Msailiwa Aliyeshika Nafasi ya Pili

Nafasi ya kazi inapojitokeza, mwajiri anaweza kutoa tangazo jipya, au kumtafuta aliyekosa kazi kwa alama chache katika usaili uliopita. Katika utumishi wa umma Tanzania jambo hili lina utaratibu wake: Sekretarieti ya Ajira huhifadhi kwenye kanzidata majina ya waliofaulu usaili lakini nafasi hazikutosha, na baadaye baadhi yao huitwa kazini. Katika kampuni binafsi, mengi hutegemea kumbukumbu alizoweka ofisa rasilimali watu.

Tuseme kampuni moja ya Dar es Salaam ilisaili wahasibu mwezi Machi. Wa kwanza alipata alama 81, wa pili 78. Kilichomwangusha wa pili ni uzoefu mdogo wa kodi za forodha. Kwenye hesabu za mishahara aliwazidi wote. Mwezi Agosti kampuni inahitaji mhasibu wa mishahara. Ikiwa faili lina alama tupu, ofisa hana la kufanyia kazi. Ikiwa sababu iliandikwa, anaona mara moja kwamba udhaifu ule hauigusi kazi hii mpya.

Barua ya kumjulisha kwamba amekosa ndiyo mahali pa kumwomba ridhaa ya kutunza wasifu wake, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadhibiti matumizi ya taarifa hizo. Msailiwa aliyeachwa kimya tangu Machi huipokea simu ya Agosti kwa mashaka, tena kwa haki.

Simu hupigwa baada ya saa za kazi, maana huenda ameshaajiriwa kwingine na bosi yuko karibu. Maneno yawe ya kweli: “Habari za jioni, dada. Mwezi Machi ulikuwa wa pili kwenye usaili wetu. Sasa tuna nafasi ya mhasibu wa mishahara. Je, ungependa tukufikirie?” Kisha atajiwe mshahara na kituo cha kazi, na aulizwe hali yake ya sasa. Kama analipwa kwa mwezi, sheria ya kazi ya Tanzania inadai notisi isiyopungua siku 28.

Mtihani wa maandishi unaweza kurukwa ikiwa ulipima ujuzi uleule. Mazungumzo na msimamizi mpya hayarukwi, wala wadhamini hawaachwi bila kuulizwa tena, kwa sababu miezi mitano inaweza kubadili mengi.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuahidi kazi ambayo bado haijaidhinishwa. Mtu anaweza kuacha kibarua chake kwa ahadi ya mdomo, akakosa huku na huku. Kwa hiyo msailiwa asiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kushika mkataba uliosainiwa, na akiombwa fedha ili “nafasi ishikiliwe”, ajue huyo ni tapeli.