Kusimama Tuli Juu ya Kitu Kinachokwenda

Abiria wa pantoni hahitaji kupiga hatua ili afike ng'ambo. Msuguano kati ya soli na sakafu unamshika, chombo kikienda naye anakwenda. Ndani ya gemu ya pande mbili msuguano huo haupo mpaka mtu auandike. Mhusika ni mstatili wenye namba mbili za mahali alipo, na jukwaa ni mstatili mwingine wenye namba zake. Jukwaa likihama, namba zake zinabadilika. Za mhusika hazina habari. Ndiyo maana katika kazi za wanaoanza utaona jukwaa likiondoka kwenda kulia huku mhusika akibaki palepale, mpaka ukingo unapomwishia chini ya miguu na yeye kutumbukia shimoni.

Kosa hilo la wazi hurekebishwa siku hiyohiyo. Yanayosumbua ni yale madogo yanayofuata: mhusika anateleza kidogo, anatetemeka, au anapenya ubao aliopaswa kuukanyaga. Gemu ya Celeste ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Maddy Thorson, inafaa kwa kuyaeleza haya, kwa kuwa watengenezaji wake wameeleza hadharani namna walivyofanya. Picha yake ni ndogo mno, pikseli 320 kwa 180, kisha inakuzwa kujaza skrini. Katika picha ya ukubwa huo, pikseli moja ikienda kombo jicho linaiona.

Tuanze na lifti inayoshuka, maana hapo kosa hujificha vizuri. Wengi hudhani kushuka hakuna kazi: mvutano upo, mhusika ataangukia tu juu ya lifti. Tupige hesabu. Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, na lifti inashuka pikseli 60 kwa sekunde, yaani pikseli moja kila fremu. Mvutano tuuchukue wa Celeste yenyewe, ambapo kila sekunde inayopita huongeza kasi ya kuanguka kwa pikseli 900 kwa sekunde. Mhusika aliyesimama ana kasi sifuri. Katika fremu ya kwanza anapata kasi ya pikseli 15 kwa sekunde, ambayo kwa fremu moja ni robo pikseli tu. Lifti imeshuka pikseli nzima, yeye robo, na tayari pana mwanya wa robo tatu. Fremu ya pili anashuka nusu, ya tatu robo tatu, ya nne pikseli nzima, na kufikia hapo mwanya ni pikseli moja na nusu. Ndipo anaanza kuikimbilia lifti, na fremu ya saba anaigusa. Akitua, kasi inarudishwa sifuri, na mambo yanaanza upya.

Maana yake mhusika anayeonekana amesimama anadunda zaidi ya mara nane kila sekunde. Baya zaidi, katika fremu sita kati ya saba kompyuta inaamini yuko hewani. Mchezaji akibonyeza kitufe cha kuruka, mara nyingi hakuna kinachotokea, kwa sababu aliye hewani haruhusiwi kuruka. Atalalamika kwamba kitufe hakishiki, nawe utahangaika na msimbo wa vitufe wakati kosa liko kwenye lifti. Dalili nyingine ni sauti ya kutua inayojirudia bila kukoma, au picha ya kusimama inayopokezana na ya kuanguka.

Dawa ni kugeuza wajibu. Mhusika asiachiwe kulifuata jukwaa. Jukwaa ndilo limbebe. Katika Celeste vitu vinavyogongana ni vya makundi mawili, viumbe na vitu vigumu. Kitu kigumu kikitaka kusogea, kwanza kinauliza kila kiumbe: umenipanda? Kikishapata orodha ya abiria ndipo kinasogea, na mwishoni kinamsogeza kila abiria umbali uleule kiliosogea chenyewe. Mpangilio huo una sababu yake. Ukiuliza baada ya lifti kushuka, abiria atakuwa ameachwa pikseli moja juu na atajibu kwamba hajapanda chochote.

Kubeba nako kuna adabu yake. Abiria asihamishwe kwa kubadilishiwa namba tu, bali apitishwe kwenye njia ileile ya kawaida ya kutembea, inayokagua kuta. Akibebwa na kukutana na ukuta, ukuta unamzuia, jukwaa linaendelea kupita chini ya miguu yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wanaotumia njia ya mkato ya kumfanya mhusika awe mtoto wa jukwaa katika mti wa vitu vya injini hukuta mhusika kaingizwa ndani ya ukuta, na wakati mwingine kavutwa umbo pale jukwaa linapobadilishwa ukubwa. Kama jukwaa limemgonga mtu ubavuni, huyo anasukumwa mpaka aache kugusana nalo, na kusukumwa kunatangulia kubebwa ili asihamishwe mara mbili. Asiyekuwa na pa kusukumiwa anabanwa, na katika Celeste kubanwa kwa kawaida ni kufa.

Sasa kutetemeka. Tuseme jukwaa linakwenda kulia pikseli 45 kwa sekunde, yaani 0.75 kwa fremu, na liko mahali 80.4. Mhusika yuko 100. Umembeba kwa usahihi, wote wawili wanaongeza 0.75 kila fremu, na tofauti yao haibadiliki kamwe: 19.6. Lakini skrini haichori nusu pikseli, kwa hiyo kila namba inakadiriwa peke yake. Mwanzoni jukwaa linachorwa 80 na mhusika 100, tofauti 20. Fremu mbili zinazofuata tofauti ni ileile. Fremu ya tatu jukwaa liko 82.65, linachorwa 83. Mhusika yuko 102.25, anachorwa 102. Tofauti imekuwa 19. Fremu ya nne inarudi 20. Mara 15 kwa sekunde mhusika anaruka pikseli moja nyuma na kurudi, ilhali hesabu yako haina kosa hata moja. Nimeona watu wakiongeza msuguano, wakipunguza kasi, hata wakibadilisha injini, wakati tatizo lipo kwenye kukadiria.

Suluhisho la Celeste ni kali kidogo, nami nalipenda: mahali pa kitu ni namba nzima daima. Sehemu ya pikseli iliyobaki huwekwa akiba pembeni. Jukwaa letu hujumlisha 0.75 kwenye akiba kila fremu. Akiba ikitosha pikseli, jukwaa linasogea pikseli moja na kumbeba abiria pikseli moja. Katika kila fremu nne linasogea tatu na kutulia moja. Mwendo wenyewe hauko laini kabisa, lakini wote wawili wanausogea pamoja, na jicho halina cha kulinganisha.

Gemu zenye picha kubwa, zinazochora hata sehemu za pikseli, hazihitaji ukali huo. Huko tatizo hutoka kwenye saa mbili zisizolingana. Unity, kwa mfano, isipobadilishwa hupiga hesabu za fizikia mara 50 kwa sekunde, na skrini nyingi huonyesha picha 60. Injini inaweza kulainisha mwendo kati ya hesabu moja na nyingine, lakini ukimlainishia mhusika ukalisahau jukwaa, mtetemeko unarudi.

Majukwaa ya njia moja yana ugumu wa aina nyingine. Ni zile mbao unazozipenya ukiruka kutoka chini, kisha ukitua juu zinakubeba. Kanuni ya kwanza inayomjia kila mtu ni hii: mhusika akiwa anashuka, ubao umzuie, akiwa anapanda, umwache. Inafanya kazi mpaka siku mruko unapoishia miguu ikiwa katikati ya unene wa ubao. Mara tu anapoanza kushuka, kanuni inamkamata na kumvuta juu ya ubao ambao hakuufikia. Swali sahihi si anaelekea wapi, bali alikuwa wapi fremu iliyopita. Kumbuka kwamba kwenye skrini namba za wima hukua kuelekea chini, hivyo namba ndogo ndiyo iliyo juu:

```
alikuwa_juu = miguu_awali <= ubao_awali
amevuka = miguu_sasa >= ubao_sasa
if alikuwa_juu and amevuka:
    miguu_sasa = ubao_sasa
    amesimama = true
```

Angalia `ubao_awali` katika mstari wa kwanza. Ubao ukiwa umetulia, wa awali na wa sasa ni mmoja, na wengi huandika wa sasa bila kuona tofauti. Ubao ukianza kupanda, tofauti inajitokeza. Tuseme juu ya ubao palikuwa 100 na unapanda pikseli tatu kwa fremu, kwa hiyo sasa ni 97. Miguu ilikuwa 98, sasa iko 98.5. Mhusika alikuwa juu ya ubao, 98 dhidi ya 100, na anapaswa kutua. Ukilinganisha miguu ya awali na ubao wa sasa, 98 dhidi ya 97, kompyuta itasema alikuwa chini, na ubao utapita mwilini mwake kama hayupo. Kosa hili ni la vipindi: hutokea tu pale kasi mbili zinapokutana vibaya, na anayejaribu mara chache halioni.

Kanuni hiyohiyo inarahisisha kushuka kupitia ubao, pale mchezaji anapobonyeza chini pamoja na kuruka. Wengi huuzima ubao kwa sehemu ya sekunde. Kwenye ubao unaoshuka, muda huo unaweza kuisha mhusika akiwa bado ndani yake. Mradi ubao haushuki haraka kuliko yeye, kumsukuma pikseli moja chini kunatosha, kwani fremu inayofuata jibu la `alikuwa_juu` litakuwa hapana. Katika Godot mbinu hii huandikwa `position.y += 1`, mradi pikseli hiyo izidi kiasi kilichowekwa kwenye `one_way_collision_margin`.

Halafu mhusika anaruka kutoka kwenye jukwaa lililo mwendoni. Asipochukua kasi yake, lifti inayopanda kwa haraka itamfuata na kuumeza mruko, na mchezaji ataona ameruka chini kuliko kawaida. Celeste inaongeza kasi ya jukwaa kwenye mruko, lakini imeweka kikomo: 250 kwa pembeni na 130 kwa juu. Pia inaikumbuka kasi hiyo kwa muda mfupi baada ya jukwaa kusimama ghafla, ili aliyechelewa kidogo kubonyeza asinyimwe.

Kujua kama kazi imekamilika, usitegemee jicho. Simamisha gemu, iendeshe fremu moja moja, na kila fremu andika kwenye skrini tofauti kati ya mahali panapochorwa mhusika na panapochorwa jukwaa, pamoja na jibu la kama amesimama au la. Pitisha jukwaa mahali linapogeuka, kwa sababu kama mhusika anatumia kasi ya fremu iliyopita, hapo ndipo atakapoteleza pikseli moja au mbili. Tofauti ikibadilika hata mara moja bila mchezaji kugusa kitufe, rudi uangalie nani anasogezwa kwanza.