Kuziba Pancha Mbele ya Kamera

Muswada wa video ya kuziba pancha huandikwa kwa safu mbili: kushoto picha, kulia maneno ya msimulizi. Video ikiwa ni ya mikono mitupu, bila uso wa fundi, kamera huwekwa nyuma ya bega lake ikitazama chini. Hapo mkono wa kulia wa fundi huwa kulia kwa mtazamaji pia. Ikiwekwa mbele yake, kila tendo huonekana kinyume na anayejifunza huchanganyikiwa mapema.

Kazi yenyewe hapa ni gurudumu la nyuma la baiskeli ya inchi 28, ile nzito ya kubebea mizigo, lililochomwa na mwiba. Gurudumu halifunguliwi. Baiskeli hupinduliwa ikakalia kiti na usukani, na tyubu huvutwa nje kwa upande mmoja, kama wafanyavyo mafundi wengi wa kando ya barabara ili wasihangaike na mnyororo.

Picha ya kwanza ni ya vifaa juu ya kitambaa: vyuma viwili bapa vya kubandulia tairi, pampu, beseni la maji, msasa, solusheni, kipande cha tyubu kuukuu, mkasi, chaki na kitambaa kikavu. Mkono hugusa kila kimoja kinapotajwa. Bisibisi haimo, na msimulizi aseme sababu: ncha yake hutoboa tyubu, pancha moja ikawa mbili.

Kabla ya kubandua chochote, tairi hujazwa upepo kidogo na mdomo wa valvu hupakwa mate. Povu likitoka hapo, huenda tatizo ni kimpira cha valvu kilichochakaa. Hubadilishwa, na kiraka hakihitajiki. Povu lisipotoka, chaki huchora alama kwenye tairi mkabala na valvu, kisha upande mmoja wa tairi hubanduliwa na tyubu hutolewa. Alama hiyo itakuja kuokoa muda.

Tyubu hujazwa upepo na kuzamishwa majini kipande kwa kipande. Beseni jeusi lenye mwanga wa ubavuni huonyesha mapovu vizuri kuliko jeupe. Tundu likionekana, tyubu hukaushwa na tundu huzungushiwa duara kubwa la chaki, kwa kuwa duara dogo litafutwa na msasa.

Sehemu inayofuata ndiyo inayoharibu viraka vingi, na inastahili picha ndefu kuliko zote. Upepo hutolewa, msasa husugua tyubu mpaka mng'ao wake uishe, kupita kidogo ukubwa wa kiraka. Kiraka hukatwa kikiwa na pembe za mviringo, maana pembe kali ndizo huanza kubanduka, na kiache angalau sentimita moja kila upande wa tundu. Nacho husuguliwa. Solusheni hupakwa nyembamba pande zote mbili, mbali na moto na sigara, kisha husubiriwa dakika tatu hadi tano. Mhariri akiukata muda huu, aweke saa pembeni mwa picha. Vinginevyo mtazamaji ataamini kuwa kiraka hubandikwa papo hapo. Dalili ya kuwa tayari ni solusheni kupoteza unyevu wake wa kung'aa. Ndipo kiraka hubandikwa na kukandamizwa kwa nguvu kuanzia katikati kwenda kingoni.

Makosa huonyeshwa hapa hapa, si mwishoni, yakiwa na msalaba mwekundu kwenye kona ili anayerusha picha asiyaige. Mkono hubandika kiraka solusheni ikiwa bado mbichi, tyubu hujazwa upepo, na ukingo wa kiraka huinuka. Kisha kidole hugusa sehemu iliyosuguliwa: mafuta ya ngozi yanatosha kuzuia gundi kushika.

Kosa la tatu ni kuusahau mwiba. Tundu likiwa shibiri moja kutoka kwenye valvu, tairi hukaguliwa shibiri moja kutoka kwenye alama ya chaki, pande zote mbili, kwa kuwa tyubu huenda iligeuka ilipotolewa. Kitambaa hupitishwa ndani ya tairi. Nyuzi zikinasa, mwiba upo hapo. Kidole kitupu hukatwa. Tundu likiwa upande wa rimu, anayeshukiwa ni ncha ya spoku.

Tyubu hurudishwa ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje, na tairi husukumwa kwa viganja, kumalizia kwenye valvu. Vyuma vya kubandulia havitumiki tena, maana huibana tyubu kwenye rimu. Valvu husukumwa ndani kidogo, kisha huvutwa. Baada ya pampu chache, gurudumu huzungushwa polepole mbele ya kamera: mstari wa ukingo wa tairi ukiwa sawa na rimu pande zote, upepo huongezwa mpaka tairi liwe gumu, ukipanda au kuzama mahali, upepo hutolewa na sehemu hiyo hupangwa upya.