Sekunde 36 kwa Saa

Tuchukue mfano wa shamba la mizabibu kusini mwa Ufaransa. Vihisi 10 vya unyevu vimezikwa udongoni, na kila kimoja kimefungwa kiredio cha RFM95 kinachotumia teknolojia ya LoRa. Kila baada ya dakika 10 kihisi huamka, hupima, hutuma pakiti fupi kwenye kituo kilichopo nyumbani kwa mkulima, kisha hulala tena. Kwa mpangilio huo betri ndogo hudumu muda mrefu.

Hewani hakuna waya wa kuonyesha nani anazungumza na nani, kwa hiyo kila pakiti hubeba maelezo yake yenyewe. Katika RadioHead, maktaba ya programu iliyoandikwa na Mike McCauley wa Australia, maelezo hayo huchukua baiti 4 mwanzoni mwa pakiti: anwani ya mpokeaji, anwani ya mtumaji, namba ya ujumbe, na alama za ziada. Anwani 255 ni ya wote. Pakiti iliyoandikiwa hivyo husomwa na kila kiredio kilicho karibu.

Kituo kikipata pakiti iliyoelekezwa kwake, hurudisha jibu fupi la kuthibitisha. Kihisi kisipolisikia jibu hilo kwa muda uliopangwa, hurudia kutuma. Maktaba hiyo, isipobadilishwa, husubiri kati ya milisekunde 200 na 400, na hurudia hadi mara 3. Muda wa kusubiri huchaguliwa kwa bahati nasibu ili vihisi viwili vilivyogongana visigongane tena.

Shida huanza mkulima anapotaka kufika mbali. Hali ya SF12 ndiyo inayofika mbali zaidi, lakini ndiyo iliyo polepole kuliko zote. Kipimo cha baiti 12, pamoja na zile baiti 4 za anwani, huchukua takriban sekunde 1.3 hewani. Jibu la kituo, ambalo ni baiti 5 tu, huchukua milisekunde 827. Kihisi kinachosubiri milisekunde 400 hakiwezi kulipata: jibu likiwa bado njiani, chenyewe kimeshaanza kutuma tena, na kiredio hiki hakiwezi kutuma na kusikiliza kwa wakati mmoja. Kipimo kimoja hutumwa mara 4. Dalili yake ni ya ajabu: kituo kimepata data yote, huku kihisi kikiripoti kwamba kimeshindwa.

Dawa ni kuongeza muda wa kusubiri upite urefu wa jibu:

```
manager.setTimeout(1500);
manager.setRetries(2);
```

Namba ya ujumbe nayo ina mtego wake. Kazi yake ni kukiwezesha kituo kutambua pakiti iliyorudiwa, kiithibitishe bila kuihesabu mara mbili. Lakini kihisi kinachozimika kabisa kila kinapolala husahau kilipofikia, na kikiamka huanza tena na 1. Kituo kikilinganisha namba peke yake, huona 1 ileile, hudhani ni marudio, hujibu kwamba kimepokea, kisha hukitupa kipimo kipya. Hapo kihisi husema mambo ni shwari huku jedwali la mkulima likibaki bila kitu. Namba hiyo inapaswa kuhifadhiwa mahali isipofutika umeme ukikatika.

Kisha kuna sheria. Ulaya, katika masafa ya megahezi 868.0 hadi 868.6, chombo cha namna hii kinaruhusiwa kutangaza asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Kihisi chetu kinachotuma mara 6 kwa saa hutumia sekunde 8 hivi, kwa hiyo kina nafasi ya kutosha. Wengi huishia kwenye hesabu hiyo.

Wanachosahau ni kwamba kituo nacho ni mtangazaji. Vihisi 10 vikituma mara 6, kituo hudaiwa majibu 60, na kila jibu ni milisekunde 827. Jumla yake inakaribia sekunde 50. Kituo kimevunja sheria hata kabla pakiti moja haijarudiwa, ilhali kila kihisi kiko ndani ya kiwango. Maktaba haizihesabu sekunde hizo. Ni kazi ya mwandishi wa programu.

Mkulima ana njia mbili. Anaweza kushuka hadi SF9, ambapo jibu huchukua milisekunde 124 na majibu yote 60 huingia katika sekunde 8, mradi kihisi cha mbali zaidi bado kinasikika. La sivyo, aache kudai uthibitisho wa kila kipimo: unyevu wa udongo haubadiliki sana kwa dakika 10, na kila pakiti inaweza kubeba pia kipimo kilichotangulia, ili moja ikipotea inayofuata iijazie. Uthibitisho ubakie kwa ujumbe usiopaswa kupotea, kama tahadhari ya betri kuisha. Anayepanga mtandao wa aina hii aanze kupiga hesabu ya kituo kabla ya hesabu ya vihisi.