Hatua Ikizidi Udogo

Mteremko wa grafu katika nukta moja hupatikana darasani kwa kanuni. Kompyuta mara nyingi haina kanuni hiyo. Ilicho nacho ni programu inayopokea x na kurudisha jibu. Basi huomba majibu mawili, moja kwenye x na jingine kwenye x + h, hutoa la kwanza katika la pili, kisha hugawanya kwa h. Swali ni h iwe ndogo kiasi gani.

Wengi watajibu: ndogo iwezekanavyo. Tuwajaribu kwa grafu ya exp(x) penye x = 1, ambapo mteremko wa kweli unajulikana, 2.718281828.

```
from math import exp
for h in (1e-2, 1e-4, 1e-8, 1e-15, 1e-16):
    print(h, (exp(1 + h) - exp(1)) / h)
```

Hatua ya 0.01 inatoa 2.7319. Ya 0.0001 inatoa 2.7184, na kosa limepungua mara mia, sawasawa na hatua yenyewe. Hili ndilo kosa la hatua: grafu imepinda, lakini sisi tumeipima kwa mstari ulionyooka. Kwenye 1e-8 tarakimu nane za desimali ni sahihi. Mpaka hapo wapenda udogo wanashinda.

Kwenye 1e-15 jibu ni 3.1086. Kwenye 1e-16 ni sifuri kavu!

Kompyuta huhifadhi takribani tarakimu 16 tu za kila namba, zinazozidi hukatwa. Majibu mawili yanapokaribiana mno, kutoa moja katika jingine kunafuta tarakimu zote zilizofanana, na kinachosalia ni zile za mwisho, ambazo tangu awali hazikuwa za kuaminika. Kisha tunagawanya kwa namba ndogo ajabu, yaani tunalikuza kosa hilo. Na 1 + 1e-16, kwa kompyuta, ni 1 ileile.

Kosa moja hupungua pamoja na h, jingine hukua h inapopungua. Yanapolingana ndipo pa kusimama, na kwa njia hii ni karibu na kipeuo cha pili cha usahihi wa mashine, yaani karibu 1e-8.

Njia bora ni kupima pande zote mbili, x + h na x − h, na kugawanya kwa 2h. Kosa la hatua hupungua kwa mraba wa h, hivyo hatua kubwa zaidi, karibu 1e-5, inatosha kutoa tarakimu kumi hivi.

Ila 1e-8 si dawa ya kila x. Penye x = bilioni moja, namba jirani kwenye kompyuta zimeachana kwa takribani 1.2e-7, kwa hiyo hatua hiyo inamezwa yote. H inapaswa kukua pamoja na x.

Kabla ya kuliandika jibu kwenye ripoti, lirudie kwa hatua kubwa mara kumi na ndogo mara kumi, kisha uandike zile tarakimu tu ambazo hazikubadilika.