RAM Inayoonekana Imejaa: Je, Kuisafisha Kunasaidia Gemu?

Mtu anayecheza Grand Theft Auto V kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8, akisimamisha gemu baada ya saa moja na kufungua Resource Monitor, anaweza kukuta jambo la kumtia hofu. Kwenye sehemu ya Memory, palipoandikwa Free pamebaki MB 60 au 70 tu. Hapo ndipo wengi hukimbilia kupakua programu ya kusafisha RAM. Lakini pembeni kidogo, kwenye sehemu ya buluu iliyoandikwa Standby, panaweza kuwa na zaidi ya GB 2, na hizo ndizo zinazoeleza hali halisi ya kompyuta hiyo.

Windows haiachi RAM ikae tupu bila sababu. Faili ikishasomwa kutoka kwenye diski, au Windows ikiiondolea programu kurasa ambazo haizitumii kwa sasa, yaliyomo hayafutwi papo hapo. Hubaki kwenye RAM katika vipande vya KB 4 viitwavyo kurasa, na kurasa hizo huingizwa kwenye orodha ya Standby. Sharti la kuingia humo ni moja: nakala ya yaliyomo lazima iwe imekwisha hifadhiwa mahali pengine, kwa kawaida kwenye diski. Kwa hiyo kurasa za Standby zinaweza kuandikwa juu yake wakati wowote na hakuna kitakachopotea. Ndiyo maana Task Manager huihesabu Standby ndani ya Available, yaani kumbukumbu ambayo programu inaweza kupewa.

Gemu ikiomba nafasi, Windows huchukua kwanza kurasa tupu. Zikiisha, hugeukia Standby, ikianza na zile zenye kipaumbele cha chini kati ya ngazi 0 hadi 7. Gemu ikihitaji tena faili ambayo bado imo Standby, kwa mfano picha za mtaa ambao mchezaji ameupita dakika tano zilizopita na sasa anarudi, kurasa zile hurudishwa kazini bila diski kuguswa.

Programu ya RAMMap, iliyo katika mkusanyiko wa Sysinternals wa Microsoft, ina menyu ya Empty, na ndani yake amri ya Empty Standby List. Ukiibonyeza, Free hupanda ghafla hadi GB 2 na kitu. Inapendeza machoni. Ila mtaa ule ule sasa utasomwa upya kutoka kwenye diski.

Hapa hesabu ndogo inafaa. Gemu inayokwenda kwa picha 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16.7 za kuandaa kila picha. Ukurasa ukitolewa Standby na kupewa programu kama nafasi mpya, Windows huujaza sufuri kwanza, ili programu moja isisome mabaki ya nyingine. Kwa mashine inayoweza kuandika GB 10 za kumbukumbu kwa sekunde, kujaza kurasa 1,000, ambazo ni kama MB 4, huchukua karibu milisekunde 0.4. Hata ukiongeza kazi ya usimamizi, gharama inabaki ndogo. Diski ya kuzunguka, kwa upande wake, inaweza kutumia milisekunde 10 kutafuta kipande kimoja tu cha faili. Anayefuta Standby huikwepa gharama ndogo na kujitafutia kubwa. Mwenye SSD haumii kiasi hicho, lakini naye hana alichopata.

Upungufu wa kweli una sura nyingine. Tuseme kompyuta ile ile imefunguliwa gemu, kivinjari chenye kurasa thelathini za mtandao na programu ya kuzungumza na wenzake. Task Manager inaonyesha In use GB 7.3, na kwenye mabano yake imeandikwa kwamba GB 1.4 zimebanwa. Available imebaki GB 0.5. Hapo Standby yenyewe haifiki hata GB 0.5, kwa hiyo kuifuta hakuleti kitu. Hili ndilo linalosahauliwa na wanaosifu usafishaji: Standby inapokuwa kubwa, kumbukumbu ipo ya kutosha, na kumbukumbu inapopungua kweli, Standby imekwisha kuliwa.

Zile GB 1.4 ni kazi ya mfumo wa kubana kumbukumbu, uliokuja na Windows 10 mwaka 2015. Kabla ya hapo, kurasa zisizotumika kwa muda, kama zile za kivinjari kilichofichwa nyuma ya gemu, zilipelekwa kwenye diski katika faili la pagefile.sys. Sasa hubanwa kwanza na kubaki ndani ya RAM. Microsoft ilieleza wakati huo kwamba kurasa zilizobanwa huchukua takriban asilimia 40 ya ukubwa wake wa awali. Kwa kipimo hicho, GB 1.4 zinabeba karibu GB 3.5 za data. Mchezaji akirudi kwenye kivinjari, prosesa huzibanua kwa haraka kuliko diski ingeweza kuzisoma.

Wapo wanaoshauri mfumo huo uzimwe ili prosesa ipumue. Amri yake ni hii, kwenye PowerShell iliyofunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi, kisha kompyuta iwashwe upya:

```
Disable-MMAgent -MemoryCompression
```

Kwenye mashine ya GB 32 ambayo In use haipiti nusu, amri hii haina inachobadilisha, kwa kuwa hakuna cha kubanwa. Kwenye mashine ya GB 8 iliyobanwa kila upande, kurasa zile zitaenda kwenye diski, na gemu itakwama zaidi. Kuurudisha mfumo ni kubadili neno la kwanza kuwa `Enable-MMAgent`.

Kibaya zaidi ni Empty Working Sets, ambayo programu nyingi za kusafisha RAM huifanya kimyakimya. Amri hiyo huzinyang'anya programu zote, gemu ikiwemo, kurasa zinazotumika dakika hiyo hiyo. In use hushuka kwa kishindo, halafu hupanda tena kila programu ikidai chake, na mchezaji huona picha zikigugumia.

Haimaanishi kwamba malalamiko yote ni ya kufikirika. Mwaka 2017, baada ya sasisho la Windows 10 liitwalo Creators Update, wachezaji wengi walilalamika kwamba gemu zilikwama kila Free ilipokaribia sufuri, na kwamba kufuta Standby kuliwatuliza. Programu ya Intelligent Standby List Cleaner ilipata umaarufu kwa tatizo hilo. Yenyewe hufuta tu pale viwango alivyoweka mtumiaji vinapofikiwa. Ila programu hiyo pia inaweza kubadili kasi ya saa ya ndani ya Windows, jambo ambalo laweza kuathiri gemu kwa njia yake. Anayewasha vyote viwili pamoja hawezi kujua ni kipi kilichomsaidia.

Mwenye shaka apime. Acheze kipande kile kile cha gemu mara kadhaa bila kusafisha, kisha mara kadhaa akisafisha, huku PresentMon au CapFrameX ikirekodi muda wa kila picha. Wastani wa picha kwa sekunde hautoshi, maana mikwamo hujificha ndani yake. Aangalie zile picha chache zilizochelewa kuliko zote. Wakati huo huo atazame Hard Faults/sec kwenye Resource Monitor. Namba hiyo ikiruka kila gemu inapokwama, na Available iko chini, RAM haitoshi. Afunge kivinjari na kurudia kipimo kabla ya kununua chochote. Na kwa laptopu yenye kipande kimoja cha RAM cha GB 8 na nafasi ya pili tupu, kipande cha pili kinacholingana nacho huongeza ujazo na pia hufungua njia ya pili ya data. Laptopu isiyo na kadi ya picha hunufaika zaidi, kwa sababu sehemu yake ya michoro hutumia RAM hiyo hiyo.